Mjomba hakukatwa, mpwa anakatwa: ile 2,250 inaenda wapi?

Kila mwezi, kati ya tarehe 28 na tarehe 5, watu hutumiana pesa kwa simu kwa wingi, na sehemu kubwa ya pesa hizo huenda kijijini. Elfu mbili ya mama, elfu moja ya baba mkubwa, mia tano ya nyanya. Hatuziiti pensheni, lakini ndizo. Wewe unayefanya kazi leo unamlisha aliyefanya kazi jana, na unatumaini kwamba kesho yuko atakayekufanyia hivyo.

Tuliyakumbuka hayo tuliposoma barua ambayo rafiki yetu mmoja alitumiwa na mjomba wake. Rafiki yetu ni mwalimu kijana, aliajiriwa na TSC Januari 2022. Mjomba wake naye alikuwa mwalimu wa hesabu, akastaafu mwishoni mwa 2018 akiwa na miaka 60. Kijana alikuwa amemwandikia kwa hasira. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 30,000. Mwaka wa kwanza alikuwa akikatwa 1,500 ya pensheni kila mwezi, kisha Januari 2023 ikapanda hadi 2,250. "Mjomba," alimuuliza, "mbona wewe ulistaafu na pensheni nono bila kukatwa, na mimi nakatwa kwa kitu nisichokiona?" Tumeruhusiwa kunukuu jibu, mradi tusitaje majina wala kijiji.

Mjomba anaanza hivi:

"Mpwa wangu, salamu nyingi. Kwanza nikusahihishe kidogo, maana tabia ya ualimu haiishi. Nilikatwa asilimia 2 ya mpango wa wajane na watoto. Lakini ya pensheni yangu mwenyewe, hapana, sikukatwa hata senti. Sasa jiulize: kama sikuweka, ninakula nini? Nakula kodi yako. Serikali haikuwa na sanduku lililoandikwa jina langu. Kila mwaka inachukua kodi inayokusanywa mwaka huo na kutulipa sisi wazee. Ni chama cha mzunguko, kama kile cha mama yako. Hakuna pesa inayolala benki. Inayoingia leo inatoka leo."

Mfano huo wa chama umetupendeza, kwa sababu kila msomaji wetu anajua mzunguko unavyokwenda. Watu kumi wanachanga elfu moja, mmoja anabeba elfu kumi. Unaenda vizuri mradi wachangaji wapo na wanalipa kwa wakati. Aliyebeba wa kwanza hacheki na yeyote. Wa mwisho ndiye asiyelala. Aina ya pili ni chama ambacho kila mtu ana kitabu chake: unachoweka kimeandikwa kwa jina lako, kinawekezwa, na siku ya kutoka unatoka na chako pamoja na faida yake. Tuite ya kwanza pensheni ya mzunguko na ya pili pensheni ya akiba.

Walimu, polisi na wafanyakazi wa serikali kuu walikuwa kwenye mzunguko hadi mwisho wa 2020. Kuanzia tarehe 1 Januari 2021 mpango wa akiba, ule wa PSSS, ulianza kazi. Wenye umri chini ya miaka 45 waliingizwa kwa lazima, na waliofikisha 45 wakaachiwa wachague. Mfanyakazi alianza kwa kukatwa asilimia 2 mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili, na 7.5 kuanzia mwaka wa tatu. Ndiyo maana makato ya rafiki yetu yaliruka. Serikali, kama mwajiri, inaongeza asilimia 15.

Mjomba halikwepi lalamiko la mpwa wake.

"Una haki kukasirika, na sitakudanganya. Kizazi chenu kinalipa mara mbili. Kodi yako inanilisha mimi, kwa sababu niliahidiwa na ahadi haiwezi kufutwa kwa kuwa mfumo umebadilika. Na wakati huohuo unajiwekea ya kwako, kwa sababu hakuna kijana atakayekatwa kodi ili akulishe wewe. Mtu yeyote anayehama kutoka mzunguko kwenda akiba lazima apite hapo. Mtu wa katikati hulipa kwa mikono miwili."

Hapa tunaona mzee amesema jambo ambalo matangazo ya pensheni hayalisemi. Gharama ya kuhama haiyeyuki hewani. Ingeweza kubebwa na wazee kwa kukatiwa pensheni, au na serikali kwa kukopa, au na wanaofanya kazi sasa. Kwetu sehemu kubwa imewaangukia wa sasa.

Lakini je, mpwa kapunjwa? Mjomba, kwa kuwa ni mtu wa hesabu, anafungua daftari. Sheria ya zamani ya pensheni, Sura ya 189, inachukua mshahara wa msingi wa mwisho kwa mwaka, inazidisha kwa miezi uliyofanya kazi, kisha inagawanya kwa 480. Mjomba alifundisha miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara wake wa mwisho ulikuwa 48,000 kwa mwezi.

"48,000 mara 12 ni 576,000. Zidisha kwa 360, gawanya kwa 480, unapata 432,000 kwa mwaka. Robo yake, 108,000, nilichukua kwa mkupuo: unazidisha kwa 20, nikapewa 2,160,000. Ndiyo iliyojenga hii nyumba unayolala ukija Krismasi. Robo tatu zilizobaki ni 324,000 kwa mwaka, yaani 27,000 kila mwezi mpaka Mungu aniite."

Sasa upande wa mpwa. Yeye anaweka 2,250 na serikali inaweka 4,500. Jumla 6,750 kwa mwezi, au 81,000 kwa mwaka. Tuseme mshahara wake unapanda sawasawa na bei za vitu, si zaidi, ili tuhesabu kila kitu kwa thamani ya pesa ya leo. Baada ya miaka 30 michango peke yake ni 2,430,000. Mfuko ukipata faida ya asilimia 4 kwa mwaka juu ya mfumuko wa bei, baada ya kutoa ada zote, atakuwa na takriban 4,540,000. Anaruhusiwa kuchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo, kama 1,510,000. Zinazobaki ni 3,030,000 hivi za kumlipa kila mwezi. Zikigawanywa kwa miaka 20 huku zikiendelea kupata faida ya asilimia 3 juu ya bei, anapata karibu 17,000 kwa mwezi.

Kwa mshahara huohuo wa 30,000, kanuni ya mjomba ingempa mkupuo wa 1,350,000 na 16,875 kwa mwezi. Angalia namba hizo tena. Zinakaribiana sana! Sisi wenyewe tulirudia hesabu mara mbili, tukidhani tumekosea. Kumbe ile asilimia 22.5, yako na ya mwajiri, ikifika yote na ikitunzwa vizuri, inaweza kununua karibu pensheni ileile ya zamani.

Tatizo ni hilo neno "ikitunzwa". Faida ikiwa asilimia 1 badala ya 4, mfuko unaishia takriban 2,820,000, na malipo ya mwezi yanashuka hadi kama 10,500. Ikiwa asilimia 3, yaani pungufu kwa moja tu, mfuko unakuwa 3,850,000 hivi. Asilimia moja inayomegwa na ada kila mwaka inaonekana ndogo kama chumvi kwenye mboga, lakini katika miaka 30 imekula karibu shilingi 690,000. Katika mfumo wa zamani mjomba hakuhitaji kujua soko la hisa liliamkaje. Mpwa anahitaji.

Kuna jambo la pili ambalo mjomba amelipita haraka, na hapa tunatofautiana naye. Anaandika kwamba mfumo mpya ni bora kwa sababu "chako ni chako". Kwa mwalimu anayepandishwa cheo mwishoni mwa kazi, si hivyo. Kanuni ya zamani iliangalia mshahara wa mwisho peke yake. Akiba inaangalia michango ya miaka yote. Tuseme mpwa anabaki kwenye 30,000 kwa miaka 25, kisha anakuwa mwalimu mkuu na kupata 48,000 kwa miaka 5 ya mwisho. Kwa kanuni ya zamani pensheni yake inapanda kwa asilimia 60, inafika 27,000 ya mjomba. Kwa mfumo wa akiba, miaka mitano ya michango mikubwa inauongeza mfuko kwa kama asilimia 6 tu, na malipo ya mwezi yanafika 18,000 hivi. Wale waliozoea kusema "nitavumilia, cheo cha mwisho kitaniokoa" wameondolewa ngazi hiyo. Cheo cha mapema sasa kina thamani zaidi kwa pensheni kuliko cha uzeeni.

Hata hivyo, mzunguko nao si kitanda cha maua, na mjomba anajua.

"Usidhani 27,000 yangu ni mwamba. Inaongezwa asilimia 3 kila baada ya miaka miwili. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, kitu cha 1,000 nilipostaafu kinakuwa zaidi ya 1,400 baada ya miaka sita. Pensheni yangu katika muda huo inatoka 27,000 hadi 29,500 na kitu. Kila mwaka nanunua unga uleule kwa jasho zaidi, na sina jasho tena. Pia soma sheria ile: inasema mtumishi hana haki kamili ya kupata pensheni. Wenzangu waliofutwa kazi walirudi nyumbani mikono mitupu. Na wale walimu waliostaafu baada ya makubaliano ya mishahara ya 1997? Walikwenda mahakamani Nakuru, wakashinda mwaka 2008, na miaka mingi baadaye bado walikuwa wanadai. Wengine tumewazika na madai yao."

Kesi hiyo tunaikumbuka kama habari za redio tulipokuwa shule ya msingi, wazee wakipiga foleni na faili za kaki mkononi. Maelfu ya watu, hukumu mkononi, pesa hakuna. Hivyo ndivyo mzunguko unavyovunjika katika maisha halisi. Hautangazwi kufa. Unachelewa tu. Mwenye hazina anasema mwaka huu bajeti imebana, njoo mwaka ujao, na mzee wa miaka 70 hana miaka mingi ya kungoja.

Basi akiba inavunjikaje? Nayo kwa kimya, ila mahali tofauti. Makato yanaonekana kwenye peislipu, lakini peislipu inathibitisha kwamba umekatwa, haithibitishi kwamba pesa zimefika kwenye mfuko. Na ile asilimia 15 ya mwajiri ndiyo hatari zaidi, kwa sababu haipiti mkononi mwako hata siku moja. Huwezi kuikosa kwa kuwa hujawahi kuiona.

Kwa hiyo maoni yetu kwa rafiki yetu ni kwamba hasira yake imeelekea upande usiofaa. Anaitazama 2,250 anayokatwa. Aitazame 4,500 anayopaswa kuongezewa, maana ni maradufu ya yake. Mwaka mmoja wa mwanzo wa michango, ile 81,000, usipofika kabisa, pengo lake baada ya miaka 29 kwa faida ileile ya asilimia 4 ni karibu 250,000 kwa pesa ya leo. Ukifika kwa kuchelewa, ile faida ya miezi iliyopita ndiyo inayopotea, na hakuna anayekurudishia isipokuwa umedai.

Kudai kunahitaji karatasi. Kila mwanachama wa mpango wa pensheni anapaswa kupata taarifa yake angalau mara moja kwa mwaka. Ikija, usiangalie jumla ya chini peke yake, hiyo ndiyo inayotuliza watu wakalala. Panga peislipu kumi na mbili upande mmoja na taarifa upande wa pili. Mwezi kwa mwezi, tafuta safu mbili: ya mwanachama na ya mwajiri. Kwa rafiki yetu, kila mwezi tangu Januari 2023 lazima uonyeshe 2,250 na 4,500. Ukiona miezi mitatu imeunganishwa na kuandikwa tarehe moja, ujue ilichelewa. Ukiona safu ya mwajiri ina sifuri huku yako imejaa, andika barua kwa mwajiri na nakala kwa wadhamini wa mpango. Wasipojibu, Mamlaka ya Malipo ya Uzeeni, RBA, hupokea malalamiko ya wanachama. Halafu tazama faida iliyotangazwa kwa mwaka, na uilinganishe na mfumuko wa bei wa mwaka huo. Faida ya asilimia 7 katika mwaka ambao bei zimepanda 7 ni sifuri iliyovaa suti.

Tunajua wengi mnaotusoma si walimu. Una duka, una pikipiki, unauza mitumba Gikomba au Kongowea. Kwako mzunguko wa serikali ni ule wa Inua Jamii: 2,000 kwa mwezi kutoka kodi ukishafika miaka 70. Akiba yako ni ile unayoweka kwa hiari, kama Mbao, uliofunguliwa 2011 kwa kiwango cha shilingi 20 kwa siku kupitia simu. Hesabu ni zilezile, ila kwako hakuna mwajiri wa kuongeza ya pili. Ndiyo maana, tukisema kweli, watu wengi wa kazi za mkono wanategemea mzunguko wa tatu, ule wa watoto wao. Nao una kanuni zake: watoto sita wa kumchangia mzazi mmoja si sawa na watoto wawili, mmoja hana kazi. Familia zetu zinapungua ukubwa, na huo mzunguko unahisi kabla ya serikali.

Mjomba anamalizia barua yake hivi, na hii tunainukuu yote:

"Mpwa, nimekuwa upande wa kupokea, wewe uko upande wa kulipa, na ninaona aibu kidogo kukufundisha subira. Lakini nikuombe mambo mawili. Omba hiyo taarifa yako wiki hii, uniletee Pasaka tuipige hesabu pamoja, kalamu nyekundu ninayo. La pili, hiyo mia tano unayonitumia kila mwezi, acha. Mimi nina pensheni, na imetoka kwako tayari. Iongeze kwenye akiba yako. Mia tano kwa mwezi kwa miaka 30, kwa ile faida tuliyosema, ni zaidi ya laki tatu. Wako, Mjomba."

Tulimuuliza rafiki yetu kama ameomba taarifa. Ameomba. Na ile mia tano? Akacheka. Ameanza kuweka mia tano nyingine pembeni, lakini ya mjomba alituma tarehe mbili kama kawaida.